Dungusi inaoza? Nakuru, shika chekeche

Mvua za Aprili zikikolea Nakuru, dungusi nyingi za barazani huanza kulainika shinani, pale zinapokutana na udongo. Rangi ya kijani inageuka njano, kisha kahawia. Ukiing'oa, unakuta mizizi imeoza, imebaki nyuzi tupu zinazokatika ukizigusa. Wenye mimea hulaumu mvua. Mimi nitalaumu udongo uliomo chunguni, na hasa vumbi lililomo ndani yake.

Mji wetu umekaa juu ya majivu na mawe yaliyotemwa na Menengai. Tazama kingo za barabara zilizokatwa mlimani uone matabaka ya vijiwe vyepesi vya rangi ya kijivu. Hiyo ndiyo pumisi, ndugu wa lile jiwe la kusugulia miguu, na ni mali kubwa kwa anayepanda dungusi, mshubiri au waridi la jangwani. Ina vitundu vingi: hushika unyevu kidogo ndani yake na kuacha hewa ipite pembeni. Tatizo ni kwamba pumisi hiyo huja pamoja na vumbi laini la volkeno. Shambani vumbi halikusumbui sana kwa kuwa maji yana kina kirefu cha kushukia. Chunguni kina hicho hakipo. Vumbi linaziba nafasi zote kati ya vijiwe, maji yanakwama, mizizi inakosa hewa.

Ndiyo maana kuongeza konzi mbili za mchanga kwenye udongo wa bustani hakusaidii. Chembe za mchanga huzama tu ndani ya udongo, na udongo unaendelea kushika maji vile vile. Vijiwe lazima viwe vingi kiasi cha kugusana, na udongo uwe mchache kiasi cha kutojaza mianya yao.

Chukua pumisi, uilowanishe kidogo ili vumbi lisiruke, na ufunge kitambaa puani, maana vumbi hilo ni baya kwa mapafu. Ipitishe kwanza kwenye wavu wa matundu ya upana wa kidole kidogo. Mawe makubwa yanayobaki juu yaponde au uyaweke kando. Kilichopita kipitishe tena kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Safari hii unataka kinachobaki juu. Kilichopita ndilo vumbi lenyewe, kamwage shambani. Mchanga nao ufanyie hivyo hivyo, kisha uuoshe ndooni mpaka maji yatoke meupe. Mchanga uliokwisha kuguswa na saruji usiutumie. Wala usichukue mchanga wa fuo za Ziwa Nakuru au Elementaita: maziwa hayo ni ya magadi, na chumvi yake huunguza mizizi. Unga mweupe wa Kariandusi, ule unaochimbwa karibu na Gilgil, ni mwepesi kama pumisi lakini haufai hapa, kwani ukilowa hugeuka tope.

Sasa pima kwa gorogoro. Kwa dungusi tia pumisi tano, mchanga mkavu mbili, na udongo wa bustani moja, uliochanganywa na mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi iache. Ukishachanganya, hutapata gorogoro nane kamili, kwa sababu chembe ndogo zimeingia katikati ya zile kubwa. Mimea yenye majani manono na mizizi myembamba hupenda unyevu zaidi kidogo, kwa hiyo ipe pumisi nne, mchanga mbili na udongo mbili.

Chungu lazima kiwe na tundu. Lifunike kwa kipande cha wavu, basi. Ile desturi ya kupanga kokoto chini iache. Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo huo ujae kabisa, kwa hiyo kokoto zinachofanya ni kulipandisha tope karibu na mizizi.

Kabla ya kupanda, jaza chungu na umwagie maji mpaka yatoke chini, halafu umwagie tena. Mara ya pili maji yapotee juu papo hapo. Yakituama, vumbi bado limo. Rudi kwenye chekeche. Baada ya kupanda, choma kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na matope au kikiwa baridi, subiri kabla ya kumwagia maji tena. Usiku wa Nakuru una baridi, na chungu hukauka polepole kuliko unavyodhani, hasa mwezi wa Julai.

Mchanganyiko bora hauwezi kushinda mvua ya kila siku, kwa hiyo Aprili na Mei sogeza vyungu chini ya paa. Baada ya miaka michache udongo na mboji huchoka na kuwa vumbi, lakini pumisi haiozi. Ichekeche upya, uioshe, uitumie tena.