Mashine ya Kuazima na Dele la Kwanza

Wateja wa kwanza walikuwa wazee wanne waliotoka kuswali alfajiri. Waliketi kwenye benchi jipya lililokuwa bado linanuka randa, wakapokea vikombe vyao, wakanywa funda la kwanza kimya. Mmoja akageuka pembeni akatema. Wa pili akapitisha ulimi kwenye meno ya mbele kama anayetafuta mchanga. Hakuna aliyelalamika. Walilipa, wakaaga, wakaondoka, na vikombe vitatu kati ya vinne vilibaki nusu.

Kijana aliyewauzia ana miaka 23. Kijiwe chake kiko Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, kwenye mtaa wa ndani unaotokea Barabara ya Morogoro, mbele ya duka ambalo mwenyewe amemruhusu kukaa. Mahali hapo alipachagua kwa makusudi. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kando ya barabara nyingi za jiji hili, na tangu hapo anayetaka kuuza kitu barabarani hufikiri kwanza namna ya kukibeba. Kwa hiyo kila alichonacho kinahamishika: benchi, jiko la mkaa, dele, ndoo mbili za maji, sinia la kashata anazochukua kwa mama mmoja jirani, na sanduku la mbao lenye kishikio cha chuma juu na droo ndogo chini. Hilo sanduku ndilo mashine ya kusagia kahawa, na si lake.

Aliliazima kwa mzee wa mtaa wa pili, aliyewahi kuuza kahawa kwa miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia. Alikwenda jioni, akaamkia, akaeleza shida yake. Mzee alimtolea mashine ikiwa imefungwa kanga, akampa na masharti matatu. "Usiioshe kwa maji, itapata kutu. Usisage kitu kingine humo zaidi ya kahawa. Na mjukuu wangu, chambua buni zako kwanza, meno ya hii mashine hayajui kokoto." Muda aliompa ulikuwa siku arobaini.

Kwa nini mashine, wakati wengi wanaotengeneza kahawa chungu hutwanga kwenye kinu? Kinu kinafanya kazi, na kahawa nyingi nzuri za pwani zimetoka humo. Tabu yake ni kwamba kinatoa vumbi na mapande kwa pamoja. Vumbi hutoa uchungu wake wote mara maji yanapochemka, mapande nayo yanabaki na ladha ndani bila kuitoa, hivyo mnywaji anapata kahawa kali na nyepesi katika kikombe kimoja. Mtwangaji mzoefu hupepeta na kurudia kutwanga mapande mpaka yalingane, na hiyo ni kazi ya mkono uliozoea. Mashine ya mkono ina meno mawili ya chuma, la nje limetulia na la ndani linazunguka. Buni hupita katikati, na haitoki mpaka iwe ndogo kuliko nafasi iliyopo kati ya meno hayo. Nafasi ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe, na nafasi hupangwa kwa nati iliyo chini ya kishikio.

Kosa la asubuhi ile lilikuwa kwenye nati. Kijana aliikaza mpaka mwisho, akiamini kwamba kahawa laini kama unga wa ngano ndiyo itakayokuwa kali. Kwa mashine za hotelini zinazosukuma maji kwa nguvu ndani ya sekunde chache, unga laini una maana yake. Kwenye dele mambo ni mengine. Kahawa inachemka pamoja na maji, kisha inakaa juu ya mkaa ikisubiri wateja. Unga laini hautui. Unaelea, unaingia kwenye kikombe, unakwama kwenye meno, na kadiri dele linavyoendelea kukaa motoni ndivyo unavyozidi kuachia ule uchungu mkavu unaoshika nyuma ya ulimi.

Mzee alipita saa mbili asubuhi kuangalia mashine yake. Hakusema neno kuhusu benchi tupu. Aliomba kikombe, akakiacha kwa muda, akakimimina taratibu chini, kisha akamwonyesha kijana kilichobaki: tope jeusi, laini, lililogandamana kwenye kikombe kama udongo wa mfinyanzi. "Kahawa ya dele," alimwambia, "ukiishika kati ya vidole usikie mchanga. Ukisikia unga, umepitiliza."

Mchana huo walifanya jaribio ambalo kila anayeanza na mashine asiyoijua angefaa kulifanya. Kijana aliazima mizani ndogo ya muuza viungo, akapima buni za gramu 6 mara tatu. Alizipima zikiwa nzima, maana kijiko kimoja cha kahawa laini na kijiko kimoja cha kahawa ya chengachenga havina uzito sawa. Fungu la kwanza alilisaga nati ikiwa imekazwa. La pili alilegeza nati nusu mzunguko, la tatu mzunguko mzima. Kila fungu lilichemshwa dakika 4 katika mililita 100 za maji, kwenye sufuria ileile, kisha likaachwa dakika 3 litue.

La kwanza lilikuwa lilelile la asubuhi. La tatu lilikuwa jepesi, maji yenye rangi, na uchachu kidogo pembeni mwa ulimi, dalili kwamba chembe zilikuwa kubwa mno na maji hayakuwahi kufika ndani. La pili lilitua vizuri, likawa na uzito mdomoni, na uchungu wake ulipotea dakika chache baada ya kumezwa. Kijana akachukua msumari akitaka kuchora alama mahali nati iliposimama. Mzee akamzuia, maana mashine ni ya kuazima. Akafunga uzi mwekundu badala yake.

Siku ya tano alivunja sharti la pili. Alitaka kahawa ya tangawizi, akasaga vipande vya tangawizi kavu humo humo kwenye mashine. Tangawizi ina nyuzi, na nyuzi zilijisokota kwenye meno mpaka kishikio kikawa kinazunguka kwa shida huku droo ikipokea vumbi kidogo tu. Ilimbidi afungue nati, atoe meno, ayasugue kwa brashi kavu ya nguo, kisha asage buni kiganja kimoja za kutupa ili ziondoe harufu iliyobaki. Alikwenda kumwambia mzee mwenyewe kabla hajaulizwa. Tangu siku hiyo tangawizi hutwangwa kwenye kinu kidogo na kuingia kwenye dele mwishoni.

Kokoto lilikuja wiki ya pili, licha ya kuchambua. Buni zinazoanikwa chini hubeba vijiwe vidogo vinavyofanana nazo kwa rangi baada ya kukaangwa. Mashine ilitoa mlio wa chuma juu ya chuma na kishikio kikasimama ghafla. Hapa mkono wa mtu una faida kuliko umeme: mota ingeendelea kusukuma mpaka jino livunjike, lakini mkono unasikia na kuacha. Alirudisha kishikio nyuma, akaigeuza mashine kichwa chini, kokoto likadondoka. Meno yalikuwa salama. Siku hizi huchambua mara mbili, kabla ya kukaanga na baada ya kukaanga, kwenye ungo mweupe mahali penye mwanga.

Buni zenyewe huchanganya. Mafungu mawili ni robusta ya Kagera, punje ndogo za duara, na fungu moja ni arabika ya Kilimanjaro, punje ndefu zenye mfereji uliopinda katikati. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na ndiyo inayotoa ule uzito ambao wanywaji wa vijiweni wanautaka. Arabika inaleta harufu. Hukaanga usiku kwenye karai, akikoroga bila kupumzika, na huzipoza kwenye ungo mara zinapofika rangi ya hudhurungi iliyokolea. Akizichelewesha mpaka zitoe mafuta mengi, kesho yake unga unaganda kwenye meno ya mashine.

Sasa hesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi huanguka. Kilo moja ya buni mbichi ikikaangwa hupungua kwa sababu maji hutoka. Yeye hubaki na gramu 820 hivi. Dele lake linaingia lita 2 za maji na gramu 120 za kahawa. Machicha hunyonya maji karibu mara mbili ya uzito wake, yaani mililita 240 hazitauzwa kamwe, na mvuke huchukua nyingine zaidi ya 100. Zinabaki kama lita 1.6, ambazo kwa vikombe vyake vya mililita 60 ni vikombe 26. Kwa kilo moja ya buni anapata karibu madele 7, vikombe 180 hivi. Kabla ya kupanga bei alijumlisha kilo ya buni, mkaa, tangawizi na maji, akagawanya kwa 180, ndipo akajua kila kikombe kinamgharimu kiasi gani kabla hajajilipa mwenyewe. Wiki ya kwanza alikuwa amegawanya kwa vikombe 230, akisahau machicha na mvuke, na alishangaa fedha zinapotelea wapi.

Kinachombana kwelikweli ni mkono. Gramu 120 humchukua dakika 9 za kuzungusha, na droo hujaa mara nne kabla dele moja halijatimia. Alijaribu kusaga za siku nzima usiku, akaona asubuhi harufu imekwisha, kwa sababu kahawa iliyosagwa hupoteza harufu haraka kuliko buni nzima. Aliamua kusaga dele moja tu mbele ya lile lililoko motoni: wateja wanakunywa, yeye anazungusha, unga unaingia kwenye kopo lenye kifuniko. Dele la moto nalo halikai zaidi ya saa moja. Hulisogeza pembeni mwa jiko, akafunika mkaa kwa majivu ili lisiendelee kuchemka.

Wazee wale wanne walirudi siku ya tisa, wakiongozwa na sauti ya vikombe anavyovigonganisha. Safari hii waliomba na kashata.

Siku ya arobaini aliirudisha mashine ikiwa imesuguliwa kavu na kufungwa kanga ileile, na uzi mwekundu bado upo kwenye nati. Alikuwa amenunua yake ya mtumba, Kariakoo, chuma kitupu, yenye kishikio kirefu zaidi. Aliporudi kijiweni alilegeza nati nusu mzunguko kama alivyozoea, akasaga, akashika unga kati ya vidole. Ulikuwa laini mno. Meno ya mashine hii yana mpangilio wake, na nusu mzunguko wa kule si nusu mzunguko wa hapa. Akaenda kwa muuza viungo kuomba mizani, akapima gramu 6 mara tatu, akabandika sufuria motoni.