Kifaduro Ndani ya Siku Arobaini

Bibi mmoja mwenye umri wa miaka 54, muuza maandazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam, alianza kwa mafua ya kawaida. Baada ya siku kadhaa mafua yalikoma, kikohozi kikabaki. Mchana kilikuwa kikohozi cha kuvumilika, usiku kiligeuka. Kilimjia kwa mfululizo, mara kumi au kumi na tano kwa pumzi moja, bila nafasi ya kuvuta hewa katikati, hata macho yakamtoka machozi na mwishowe akatapika uji alioulia chakula cha usiku. Kisha kikatulia kabisa, kana kwamba hakukuwa na jambo. Hakuwa na homa. Kifua hakikuwa kizito. Kilichomsumbua zaidi ni koo, ambalo lilichubuka hata kumeza mate kukawa adha, na sauti ikamkauka.

Dukani alinunua dawa ya maji ya kikohozi na kapsuli za amoksilini. Hazikumfaa. Wakati huohuo binti yake alikuwa amerudi nyumbani kujifungua na kulelewa siku arobaini, kama ilivyo desturi, na bibi ndiye aliyekuwa akimwogesha mjukuu na kumbeba kila jioni.

Kifaduro husababishwa na bakteria aitwaye Bodetela patusisi, aliyeoteshwa maabara kwa mara ya kwanza na Jules Bordet na Octave Gengou mwaka 1906. Bakteria huyu hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo vinavyofagia ute na vumbi kutoka katika njia ya hewa, kisha hutoa sumu inayovidhoofisha na kuviua. Ute ukikosa wa kuufagia, njia pekee ya kuutoa ni kukohoa. Sumu hiyo huiacha njia ya hewa ikiwa na wepesi mno wa kushtuka, kiasi kwamba kicheko, moshi wa jiko, upepo wa baridi au tonge la chakula hutosha kuamsha mfululizo mpya. Hali hii hudumu wiki nyingi baada ya bakteria wenyewe kutoweka. Ndiyo sababu Wachina wameuita ugonjwa huu kikohozi cha siku mia.

Koo huchubuka kwa sababu mbili. Nyuzi za sauti hugongana kwa nguvu mamia ya mara kwa siku, na matapishi yafuatayo mfululizo hupitisha asidi ya tumbo juu ya ngozi laini iliyokwisha kuvimba. Maumivu hayo, basi, ni jeraha la kikohozi chenyewe, na dawa ya kutibu matezi ya koo haiyagusi. Kunywa maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, kula chakula laini kwa kiasi kidogo mara nyingi, kupumzisha sauti na kukaa mbali na moshi huleta nafuu. Kijiko cha asali husaidia pia, ila kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, kwani yaweza kumletea sumu inayopooza misuli.

Wengi wameusikia mlio wa kifaduro ukisimuliwa: ule wa kuvuta pumzi kwa nguvu baada ya mfululizo, mithili ya filimbi. Mlio huo ni wa watoto wakubwa. Mtu mzima, ambaye aghalabu ana mabaki ya kinga, hukohoa bila mlio. Kinga ya chanjo ya utotoni hupungua ndani ya miaka kadhaa, na hata aliyewahi kuugua hukingwa kwa muda tu. Kwa hiyo mtu mzima hupata ugonjwa ambao haumwui wala haumlazi, akaupitisha kwa wengine bila kujua.

Mjukuu alikuwa na umri wa wiki tatu bibi alipokuwa katika wiki ya pili ya kikohozi, wakati ambapo maambukizi huwa makali. Siku kumi baadaye mtoto alianza kutokwa kamasi jepesi na kupiga chafya. Hakukohoa kwa namna ya kumtisha mtu. Siku ya tano ya kamasi, akiwa ananyonya, aliacha titi, uso ukawiva, kisha akatulia bila kupumua, na ulimi ukawa na rangi ya zambarau. Baada ya muda alishtuka akavuta pumzi. Jirani alisema ni degedege, akashauri wangoje asubuhi. Mama yake alikataa, wakaenda hospitali usiku uleule.

Kwa kichanga, kusita kupumua kwaweza kuwa ndiyo dalili pekee ya kifaduro. Hana nguvu ya kukohoa mfululizo wala ya kuvuta ule mlio. Katika ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani usoni kwa urahisi. Yapasa kutazama ulimi, ndani ya midomo na kucha.

Wodini alichukuliwa ute wa nyuma ya pua kwa kijiti chembamba, kipimo cha vinasaba kikathibitisha kifaduro. Hesabu ya chembe nyeupe za damu ilifuatiliwa kwa karibu, kwa maana zikizidi mno kwa kichanga huziba mishipa midogo ya mapafu na kuulemea moyo. Alipewa oksijeni, maziwa kwa mpira upitao puani, na azithromaisini kwa miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 5. Mama, bibi na wengine wa nyumba ile walipewa dawa hiyohiyo kwa vipimo vyao. Amoksilini haimwondoi bakteria huyu katika njia ya hewa.

Bibi alilalamika kwamba dawa haikumponya. Alikuwa sahihi kwa upande mmoja: dawa ikianzwa mifululizo imekwisha kukomaa, huzuia kuambukiza wengine, lakini kikohozi huendelea kwa mwendo wake. Asiyetibiwa huambukiza hadi takriban wiki tatu tangu kikohozi kuanza. Aliyetibiwa huacha baada ya siku 5 za dawa.

Chanjo ya kwanza yenye kinga dhidi ya kifaduro hutolewa mtoto akitimiza wiki 6, kisha wiki 10 na 14. Siku arobaini za ulezi humalizika karibu kabisa na siku ile ya kwanza. Wapo wanaodhani kwamba sindano ya pepopunda anayochomwa mjamzito kliniki humkinga mtoto na kifaduro pia. Haina sehemu hiyo. Uingereza imekuwa ikiwapa wajawazito chanjo yenye kinga ya kifaduro tangu 2012, ili kinga ipite kwenye kondo la nyuma.

Kichanga anayesita kupumua, anayebadilika rangi, anayeshindwa kunyonya, au anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika nzima akiwa ametulia, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Kichanga mwenye kamasi tu, ikiwa nyumbani yupo mkohozi wa wiki mbili, apelekwe siku hiyohiyo, na mkohozi atajwe kwa daktari bila kusubiri kuulizwa. Mtu mzima mwenye kikohozi cha wiki mbili huhitaji kupimwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu pia. Bibi alipimwa, hakuwa nacho. Asingoje hata wiki hizo endapo anazirai akikohoa, anatoa damu, anapungukiwa pumzi kati ya mfululizo na mfululizo, au ana maumivu makali ya upande mmoja wa kifua, kwani ubavu huweza kuvunjika kwa kukohoa.

Mtoto alikaa wodini siku 12. Chanjo yake alipewa baadaye kama kawaida, kwa sababu kuugua hakuondoi haja yake. Bibi aliendelea kukohoa hadi mwezi wa tatu, na alipopata mafua mengine mifululizo ilimrudia kwa wiki moja, ingawa safari hiyo hakuwa na kifaduro cha kumwambukiza mtu.