Kilo 1,400 Zilizopungua: Taarifa ya Mwaka ya Chama cha Ushirika Inavyopaswa Kusema

Katika wilaya zinazolima korosho, taarifa ya mwaka ya chama cha msingi cha mazao, yaani AMCOS, husomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu. Sehemu ya mafanikio huwa ndefu. Sehemu ya upungufu mara nyingi huishia kwenye neno moja, "changamoto", na mwanachama huondoka asijue fedha yake ilipotea wapi. Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya maelezo haya, unaonyesha namna bodi inavyoweza kueleza yote mawili bila kuficha.

Chama kimoja kilikusanya kilo 72,000 msimu uliotangulia, na msimu huu kikakusanya kilo 90,000. Ongezeko la kilo 18,000 ni fanikio la kweli, lakini taarifa iliyo sahihi hutaja limetoka wapi. Bodi ikipitia daftari la mapokezi, inaona kuwa kilo 11,000 zimeletwa na wanachama wapya, na kilo 7,000 zilizobaki zimetoka kwa wanachama wa zamani waliopata salfa mapema wakaizuia ubwiriunga. Ikiandikwa hivyo, wanachama watajua kuwa msimu ujao mavuno yatategemea tena salfa kufika kwa wakati.

Upungufu ulionekana ghala kuu. Korosho zilizopimwa kilo 90,000 chamani zilipokelewa ghalani zikiwa kilo 88,600. Mkulima hulipwa kwa uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi aliyopewa chamani, ilhali mnunuzi hulipia uzito wa ghala kuu. Tofauti ya kilo 1,400, kwa bei ya shilingi 3,000, ni shilingi 4,200,000, na chama ndicho kilichoibeba. Ushuru wa chama wa shilingi 70 kwa kila kilo iliyouzwa ulikuwa shilingi 6,202,000. Baada ya kufidia, zikabaki shilingi 2,002,000 za kulipa mlinzi, karani na pango la ghala.

Ni rahisi kuandika kwamba korosho zilinyauka, na kwa sehemu ni kweli. Kipima unyevu kilionyesha asilimia 11 siku ya mapokezi chamani na asilimia 10 ghala kuu. Kilo 90,000 zenye unyevu wa asilimia 11 zina kilo 80,100 za korosho kavu kabisa. Unyevu ukishuka hadi asilimia 10, kilo hizo 80,100 huwa ni asilimia 90 ya mzigo wote, na mzigo huo huwa kilo 89,000. Unyaufu, basi, unaeleza kilo 1,000. Kilo 400 hauzielezi.

Hapo bodi hurudi kwenye hati za usafirishaji, kwa sababu unyaufu huenea sawasawa katika safari zote, lakini wizi au kosa la mizani hujitokeza mahali pamoja. Safari zilikuwa 9, kila moja ikiwa na kilo 10,000 katika magunia 125 ya kilo 80. Safari 8 zilipungua kilo mia moja na kidogo kila moja. Safari ya tisa ilipungua kilo zaidi ya 500, na hati ya mapokezi ya ghala kuu ilionyesha magunia 120. Magunia matano ya kilo 80 ni kilo 400 kamili.

Taarifa yenye uaminifu haimtaji mwizi asiyethibitishwa. Husema kwamba kilo 1,000 zilipotea kwa unyaufu; kwamba magunia 5 yalikosekana katika safari ya tisa; kwamba karani alisaini hati kabla ya magunia kuhesabiwa garini; na kwamba shilingi 1,200,000 zinadaiwa kwa msafirishaji na suala bado halijafungwa. Kisha husema kilichobadilishwa: magunia yatahesabiwa na watu wawili, na korosho zenye unyevu uliozidi zitarudishwa kwa mkulima azianike upya kabla ya kupimwa.

Maelezo hayo huenda sambamba na hesabu zilizokaguliwa, ambazo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inataka zifikishwe kwa wanachama. Hesabu huonyesha hasara ya shilingi 4,200,000 kwa mstari mmoja tu. Simulizi ndiyo inayotenganisha shilingi 3,000,000 zilizopotea kwa jua na shilingi 1,200,000 zilizopotea kwa uzembe, na mwanachama anayesikiliza mkutanoni ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kiko upande upi.