Riba, Mpaka na Bei ya Dola: Swali Linalowakwamisha Watahiniwa

Swali lenyewe huja kwa sura nyingi, lakini mifupa yake ni ile ile. Nchi ndogo imefunga sarafu yake kwa dola. Fedha za wawekezaji huingia na kutoka bila kizuizi. Uchumi umezorota, na benki kuu inataka kushusha riba ili watu wakope na viwanda vipanuke. Eleza kitakachotokea.

Watahiniwa wengi hujibu kwamba riba itashuka, mikopo itaongezeka na ajira zitapatikana, kisha huweka nukta na kuhamia swali linalofuata. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama nchi ingekuwa kisiwa kisicho na benki ya jirani. Hapa limeishia nusu ya njia, na alama nyingi ziko katika nusu iliyobaki.

Njia rahisi ya kuiona nusu hiyo ni kufungua daftari la benki kuu. Tuseme ina akiba ya dola yenye thamani ya shilingi bilioni 60 na hatifungani za serikali za bilioni 40. Upande wa pili wa daftari kuna fedha ilizokwisha kutoa, bilioni 100. Ili kushusha riba, benki inanunua hatifungani nyingine za bilioni 10 na kulipa kwa fedha mpya. Sasa fedha zilizo nje ni bilioni 110, na riba inaanza kulegea. Mwenye akiba yake anaangalia: hapa atalipwa asilimia 6, ng'ambo asilimia 8, na bei ya dola serikali imeapa kwamba haitabadilika. Kwa nini abaki? Anapeleka shilingi benki kuu na kudai dola.

Benki haiwezi kumkatalia, kwa sababu ahadi ya bei ni ahadi ya kuuza dola kwa bei hiyo kwa kila anayezitaka. Kila shilingi inayopokea inatoka kwenye mzunguko. Mchezo unaisha pale bilioni 10 zote zinaporudi: fedha zilizo nje ni 100 kama mwanzo, riba imepanda hadi ilipokuwa, hatifungani ni 50, na akiba ya dola imeshuka kutoka 60 hadi 50. Hakuna kilichobadilika ila dola zimepungua. Benki ikinunua hatifungani tena ili kuziba pengo, itapoteza kumi nyingine, na kumi nyingine baada ya hapo, mpaka siku akiba itakapokwisha na ahadi kuvunjika.

Hapo ndipo ulipo ule utatu usiowezekana, unaotokana na kazi za Robert Mundell na Marcus Fleming za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nchi hutamani mambo matatu: bei thabiti ya sarafu, uhuru wa mtaji kuvuka mpaka, na uwezo wa kujipangia riba. Inaweza kushika mawili. La tatu litaponyoka, itake isitake.

Uingereza ililijifunza hilo kwa gharama kubwa. Oktoba 1990 iliingia katika mfumo wa Ulaya wa kufungamanisha sarafu, pauni moja ikiwekwa kwenye maki 2.95 za Ujerumani na kuruhusiwa kuyumba asilimia 6 juu au chini. Mtaji ulikuwa huru tangu 1979. Tatizo ni kwamba Ujerumani, baada ya kuungana upya, ilikuwa na matumizi makubwa na hofu ya mfumuko wa bei, kwa hiyo benki kuu yake ilipandisha riba. Uingereza ilikuwa na shida iliyo kinyume: uchumi ulikuwa unasinyaa, watu wanashindwa kulipia nyumba, na riba ya asilimia 10 ilikuwa mzigo tayari. Ilihitaji kushusha, lakini kushusha kungeiangusha pauni.

Walanguzi wa fedha waliisoma hali hiyo vizuri kuliko mawaziri walivyopenda. George Soros na wenzake walikopa pauni na kuziuza, wakitegemea kuzirudisha baadaye kwa bei ya chini. Jumatano, Septemba 16, 1992, Benki ya Uingereza ilimwaga akiba kununua pauni tangu asubuhi. Riba ikapandishwa hadi asilimia 12, kisha mchana ikatangazwa kwamba kesho yake itakuwa 15. Mauzo hayakupungua. Na hili ndilo la kutazama kwa makini: kupandisha riba wakati uchumi uko taabani hakukuwatisha walanguzi, kulithibitisha tu kwamba serikali haiwezi kuvumilia maumivu hayo kwa muda mrefu. Jioni waziri wa fedha, Norman Lamont, alitangaza kwamba nchi imejitoa. Hesabu ya Hazina iliyotolewa miaka baadaye iliweka hasara kwenye takribani pauni bilioni 3.3.

Pauni ilianguka, na riba ikateremshwa hatua kwa hatua hadi asilimia 6 mapema mwaka 1993. Uchumi ulianza kuinuka. Aliyeachia bei ya sarafu alipata riba yake.

Wengine wamechagua pembe tofauti, na wanaendelea nayo. Oman imefunga riali yake kwa dola 2.60 tangu 1986 na mtaji unaingia na kutoka. Benki Kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022, ya Oman ilifuata, ingawa mfumuko wa bei wa Muscat haukukaribia ule wa Marekani. Nchi yenye mapato ya mafuta yanayolipwa kwa dola inaweza kuishi hivyo.

Tanzania ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ilifanya kinyume: ilishika bei ya shilingi na riba yake, ikafunga mlango wa mtaji. Dola ziligawiwa kwa kibali. Katika kitabu njia hiyo inakubalika kabisa, lakini mlango wenyewe ulivuja. Wafanyabiashara waliandika ankara pungufu kwa bidhaa walizouza nje na kuacha tofauti ng'ambo, na magendo yakauza dola kwa mara kadhaa ya bei ya serikali. Pengo hilo ndilo dalili ya kwanza kwamba bei rasmi imepitwa na wakati. Mwaka 1986 dola ilisogezwa kutoka takribani shilingi 17 hadi 40, na sheria ya 1992 ikafungua njia kwa maduka ya kubadilisha fedha.

Kenya ni mfano mzuri zaidi wa kumchokoza mtahiniwa anayedhani kuelea kunamaliza kila kitu. Shilingi yake inaelea, kwa hiyo kwa kanuni benki kuu iko huru na riba. Lakini serikali ilikuwa na deni la dola, na kila shilingi iliposhuka, deni lilinenepa. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na Februari riba ya benki kuu ikapandishwa hadi asilimia 13. Serikali ilipopata mkopo mpya wa kimataifa mwezi huo huo na kuanza kulipa hatifungani ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikapanda tena kuelekea 130.

Mwanauchumi Hélène Rey alisema mwaka 2013 kwamba kwa nchi nyingi uchaguzi umebaki wa mambo mawili tu: mtaji huru au riba huru, hata kama sarafu inaelea. Si kila mtaalamu anakubaliana naye. Sarafu inayoelea bado hunyonya sehemu ya mshtuko ambao sarafu iliyofungwa ingeupeleka wote kwenye riba na akiba.