Barua ya Kukataa Kumng'arisha Bibi Harusi

Mhariri wa picha anayeombwa kumfanya bibi harusi mweupe huanza barua yake kwa shukrani, kisha hueleza kilichotokea: shela jeupe liliihadaa kamera ikapunguza mwanga, na uso ukatoka mweusi kuliko ulivyo. Hilo hurekebishika bila uongo. "Dada, rangi yako nitaiacha," huandika, "ila nitaongeza mwanga wa picha nzima, nilizuie shela lisiungue, niondoe umanjano wa taa za ukumbini na mng'ao wa jasho pajini." Ngozi ikipauzwa, uso huwa wa kijivu, shingo na masikio huumbua kazi. Giza likizidi, heri picha irudiwe kando ya dirisha.