Kichomi cha Ghafla kwa Mzazi

Mapafu yenyewe hayasikii maumivu. Kinachouma mtu anapovuta pumzi ni utando uliotanda upande wa ndani wa mbavu, nao ukiguswa na ugonjwa wowote huchoma vilevile, hasa ukikohoa au kupiga chafya. Ndiyo maana daktari makini akisikia "nina kichomi" huuliza kwanza: kilianzaje?

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 29 aliyejifungua kwa upasuaji wiki 3 zilizopita. Anainama kumbeba mtoto, mara ubavu wa kulia unamchoma na pumzi inakata. Nyumbani wanasema ni msuli. Huenda. Maumivu ya msuli au mbavu yana mahali pake: mgonjwa hupaonyesha kwa kidole, pakibonyezwa anashtuka, akijipinda yanarudi. Huyu naye akibonyezwa anaumia kidogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Msuli haumfanyi mtu aheme akiwa ameketi.

Nimonia? Hiyo kwa kawaida huja na homa, kutetemeka na kikohozi chenye makohozi. Daktari akigonga mgongo kwa vidole husikia sauti nzito, na kwenye stetoskopu milio ya kupasukapasuka. Mama huyu hana homa wala hakohoi.

Pafu likitoboka na hewa kuvuja, maumivu huanza ghafla pia, mara nyingi kwa vijana warefu wembamba, hasa wavuta sigara. Upande ule ukigongwa hulia kama ngoma, lakini pumzi haisikiki vizuri. Kwa mama huyu pande zote mbili zinasikika sawa.

Utando wenyewe ukivimba, kwa virusi au kifua kikuu, kila pumzi hutoa mkwaruzo unaokoma mgonjwa akizuia pumzi. Wa kifua kikuu mara nyingi huwa na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Tena una hila: maji yakijaa kati ya utando na pafu, kichomi hupungua, ndugu wakafurahi, kumbe pumzi ndiyo inazidi kuwa fupi.

Kinachobaki kwa mama yetu ni mapigo ya moyo 118 kwa dakika, kifua kisicho na mlio wowote wa ajabu, na shavu la mguu wa kushoto lililozidi la kulia kwa sentimita 4. Hilo ni bonge la damu mpaka ithibitike vingine: limeganda mguuni, likasafiri hadi kwenye pafu. Wiki 6 baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi zaidi, na upasuaji huongeza hatari. Hata miguu ingekuwa sawa, asingestahili kurudishwa nyumbani, kwa kuwa wengi wenye bonge kwenye pafu hawana mguu uliovimba. Eksirei ya kifua nayo inaweza kuonekana safi. Kinacholionyesha ni sitiskani yenye dawa ya mshipani.

Mzazi akipatwa na kichomi cha ghafla na kukosa pumzi, msimchue mguu. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na mtajieni daktari tarehe aliyojifungua hata asipouliza.