"Ada: KSh 0" Ilivyotugharimu Shilingi 1,849: Skrinshoti Tatu za Kutuma Pesa Uingereza

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja ofisini alitaka kumtumia mdogo wake anayesoma Leeds, Uingereza, shilingi 50,000 za kodi ya chumba. Alikuwa na apu tatu kwenye simu na swali moja tu: ni ipi itamkata kidogo? Akatupia skrinshoti tatu kwenye grupu letu la WhatsApp, na kabla chai ya saa nne haijapoa tulikuwa tushagawanyika. Wengi wetu tulikimbilia ile iliyoandikwa "Ada: KSh 0". Nani hapendi sifuri?

Basi tukatoa kikokotoo. (Apu yetu wenyewe hatukuiingiza kwenye hesabu, usije ukasema tunajipigia debe. Majina ya hizo tatu pia tumeyaacha, tutaziita ya kwanza, ya pili na ya tatu.)

Kampuni inayotuma pesa ina mifuko miwili ya kukutoza. Mmoja ni ada, na huo unauona. Mwingine ni reti, yaani bei inayokuuzia pauni. Inapata pauni kwa bei fulani, inakuuzia kwa bei ya juu zaidi, na tofauti hiyo haiandikwi popote kwenye skrini. Ili uione unahitaji bei ya kulinganishia, ile iliyo katikati ya bei ya kununua na ya kuuza sokoni. Ukiandika "1 GBP to KES" kwenye Google utapata namba iliyo karibu nayo, na Benki Kuu ya Kenya nayo hutangaza kiwango cha wastani kila siku ya kazi. Asubuhi hiyo pauni moja ilikuwa shilingi 172. Kwa bei hiyo, shilingi 50,000 ingekuwa pauni 290.70. Hakuna mteja wa kawaida anayepata bei hiyo, lakini ndiyo rula yetu ya kupimia.

Apu ya kwanza, ile ya ada sifuri, ilikuwa inauza pauni kwa 178.60. Gawanya 50,000 kwa 178.60, unapata pauni 279.95. Sasa zirudishe pauni hizo kwa shilingi ukitumia 172: ni 48,151. Maana yake shilingi 1,849 zimebaki njiani, na skrini inasema hukutozwa kitu!

Apu ya pili ilikuwa na ada ya 450, ushuru ukiwa ndani, na reti ya 174.20. Ondoa ada kwanza, zinabaki 49,550. Gawanya kwa 174.20, unapata pauni 284.44. Ukizipima kwa rula ileile, gharama yake halisi ni shilingi 1,076. Kumbe yenye ada ndiyo rahisi, tena kwa zaidi ya shilingi mia saba.

Hapa kuna kitu kilichotupotezea muda. Apu ya pili haikuandika 174.20. Iliandika "1 KES = 0.00574 GBP", na ukigeuza ile ya kwanza kwa mtindo huo unapata 0.00560. Kwa macho hizo namba mbili ni kama mapacha, ilhali tofauti yake ni pauni nne na nusu. Ukikutana na sifuri nyingi hivyo, gawanya 1 kwa namba hiyo na bei ya pauni moja itatokea. Au iache kabisa, uangalie ni pauni ngapi mpokeaji atapata.

Apu ya tatu ndiyo iliyotushinda sote. Reti yake ilikuwa 172.50, karibu sawa na ya sokoni. Ada ilionekana 600, lakini hiyo ilikuwa skrini ya mwanzo. Ukifika ukurasa wa mwisho, kabla ya kuweka PIN, ushuru wa 90 ulikuwa umeongezwa ikawa 690. Hata hivyo, 49,310 ukigawanya kwa 172.50 unapata pauni 285.85. Imepita zote. Mwenzetu akabonyeza, akatuma.

Baada ya siku mbili mdogo wake akamwandikia: "Dada, nimeona 279.85. Si ulisema 285?" Akaambatanisha skrinshoti ya benki yake. Pauni 6 zilikuwa zimeyeyuka.

Tuliporudi kwenye skrinshoti ya tatu tuliliona jibu kwa maandishi madogo: njia ya kutuma ilikuwa SWIFT, na chini yake "SHA". Pesa za SWIFT mara nyingi hupitia benki nyingine kabla ya kufika, na benki ya njiani au ile inayopokea inaweza kukata chake. "SHA" maana yake mtumaji analipa ada za upande wake, na makato mengine yote yanamwangukia mpokeaji. Kukiwa na chaguo la "OUR", unalipa yote wewe mwanzoni na mwenzako anapata kiasi kamili, lakini ada yako inapanda. Ukijumlisha zile pauni 6, apu ya tatu iligharimu shilingi 1,866. Ile iliyoongoza kwenye skrini ikawa ya mwisho.

Ile ya pili je? Tuliwauliza wahudumu wake. Walisema pesa hulipwa kutoka akaunti yao iliyo hukohuko Uingereza, kupitia Faster Payments, mfumo wa kutumiana pesa kati ya benki za huko. Hakuna benki ya katikati ya kukata kitu. Swali hilo, "pesa zinafika kwa njia gani?", ndilo skrinshoti nyingi haziwezi kukujibu.

Sasa usikimbie kusema apu ya kwanza ni ya kuepukwa siku zote. Tulijaribu hesabu hiyohiyo kwa shilingi 5,000. Apu ya kwanza inatoa pauni 27.99. Ya pili, ukitoa ile 450 kwanza, inatoa 26.11. Safari hii ada sifuri ndiyo imeshinda! Ada ya 450 haibadiliki hata utume kidogo, kwa hiyo inauma sana pesa zikiwa chache, wakati reti mbaya inakua pamoja na kiasi unachotuma. Kwa apu hizi mbili, siku ile, mpaka ulikuwa kama shilingi 18,300. Chini ya hapo ya kwanza ilikuwa nafuu, juu ya hapo ya pili. Anayemtumia rafiki pesa ya keki na anayelipa karo hawawezi kupeana ushauri wa apu.

Kuhusu skrinshoti zenyewe: ya kwanza mwenzetu aliipiga usiku, hizo nyingine asubuhi, na ilibidi tumrudishe aipige upya maana reti ilikuwa imesogea. Zipige zote ndani ya dakika kumi, kwenye ukurasa wa mwisho wa kuthibitisha, na kiasi kinachotoka mfukoni mwako kiwe kilekile kila mahali. Kama kuhamisha pesa kutoka kwenye simu kwenda kwenye apu kunakatwa, hiyo nayo ni gharama, ingawa apu haitaionyesha. Pia chunguza kama reti ni ya mteja mpya. Binamu wa mmoja wetu alifurahia reti tamu mara ya kwanza, na mara ya pili ikapanda kimyakimya.

Mwezi huu mwenzetu ametuma tena 50,000, kwa apu ya pili, baada ya kupiga skrinshoti zake tatu upya. Skrini iliahidi pauni 283.90. Jioni mdogo wake akajibu: "283.90. Asante dada."